Shavu limevimba mbele ya sikio kwa mara ya tatu, bado naambiwa ni matumbwitumbwi. Inawezekana kweli?

Mtafuta Nafuu

Wakuu, salaam. Nina miaka 41, mwanaume. Shavu langu la kushoto linavimba hapa mbele ya sikio, uvimbe unateremka mpaka chini ya ndewe, kiasi kwamba nikijitazama kwenye kioo naona sikio lenyewe limesukumwa nje kidogo.

Mara ya kwanza ilikuwa miezi mitano iliyopita. Nilipewa antibiotiki za siku 7, likanywea. Mara ya pili, kama wiki sita zilizopita, mhudumu mwingine akasema ni matumbwitumbwi, nikae nyumbani, hayana dawa. Likanywea tena. Sasa limerudi, na tena naambiwa matumbwitumbwi. Nilipigwa eksirei ya taya, nikaambiwa hakuna kitu, hata kijiwe hakuna.

Homa sikuwa nayo mara mbili za kwanza. Safari hii nahisi joto joto jioni. Mke wangu ana hofu kwa mtoto wetu wa miaka 9, tena amesikia kwamba ugonjwa huu unamaliza nguvu za uzazi. Naomba mwenye kujua anisaidie: mtu mzima anaweza kupata matumbwitumbwi mara tatu ndani ya miezi mitano?

Kisiki

Pole mkuu. Matumbwitumbwi yanavimba pande zote mbili, wewe unavimba upande mmoja, kwa hiyo hilo lifute kabisa. Mimi nasema ni jino. Nenda kang'oe gego la upande huo utaona.

Mama Pacha

Nashukuru umeleta mada hii maana na mimi nina shida hiyo hiyo. Wanangu ni pacha, miaka 7. Mmoja amevimba mashavu yote mawili tangu juzi, homa, kichwa kinamuuma, hataki kutafuna. Mwenzake mzima. Je, huyu mzima naweza kumpeleka shule? Na baba yao hakumbuki kama aliwahi kuugua au kuchanjwa.

Tabibu wa Koo

Nimefanya kazi ya masikio, pua na koo kwa muda mrefu. Nitaanza na mwenye uzi.

Kisiki, ung'oaji wa gego usubiri kwanza. Uvimbe wa jino mara nyingi hukaa chini zaidi kwenye shavu au kando ya taya, na ukiligonga jino lenyewe kwa kijiko mgonjwa anaruka. Huu unaosukuma ndewe nje na kufunika ile kona ya taya ambayo kwa kawaida unaigusa kwa kidole, huo ni wa tezi ya mate iliyo mbele ya sikio, tezi kubwa kuliko zote za mate. Kuhusu pande mbili uko sahihi nusu. Mara nyingi matumbwitumbwi huvimba pande zote, lakini huanza upande mmoja na wa pili hufuata baada ya siku chache, na wagonjwa si wachache ambao upande wa pili haufuati kabisa. Kwa hiyo upande mmoja peke yake hauondoi matumbwitumbwi.

Kinachonifanya mimi nisiamini kwamba ni matumbwitumbwi ni kule kurudi. Kirusi hiki kikikupata mara moja, mwili unakikumbuka kwa miaka mingi. Kuugua mara ya pili hutokea kwa nadra, ila mara tatu katika miezi mitano, upande ule ule, hapana. Kitu kinachorudi mahali pale pale kina sababu iliyokaa mahali pale pale.

Sasa ndugu, kabla sijasema lolote zaidi nijibu maswali haya. Nayauliza kwa mpangilio ninaoutumia kliniki.

Uvimbe unaanza saa ngapi ya siku, na unachukua muda gani kufika kilele? Dakika, saa, au siku?

Mdomo ukoje, ladha ikoje, unatumia dawa yoyote inayokausha mate?

Chukua tochi na kioo, vuta shavu nje kwa kidole. Usawa wa gego la pili la juu utaona kinundu kidogo ndani ya shavu. Hapo ndipo mfereji wa mate wa tezi hii unapofungukia. Kikaushe kwa kitambaa safi, kisha bonyeza polepole kwa vidole viwili kutoka mbele ya sikio ukielekea mdomoni, kama mtu anayekamua. Niambie kinachotoka pale, na rangi yake. Fanya na upande mzima ili ulinganishe.

Funga macho kwa nguvu, onyesha meno, kunja paji la uso. Pande mbili ziko sawa?

Na la mwisho, ambalo watu hulisahau: uvimbe ukishanywea kabisa, pale chini ya vidole vyako kunabaki nini?

Mama Pacha, nitakujia.

Mtafuta Nafuu

Daktari, nashukuru sana. Nilikaa mbele ya kioo usiku kucha nikifanya ulivyoelekeza.

Sikuwahi kuliona hili mpaka uliponiuliza: linavimba nikila. Tonge la kwanza tu nasikia kama kitu kinakaza mbele ya sikio, ndani ya robo saa shavu limejaa na linauma, halafu baada ya saa moja au mbili linalegea. Mara nyingi lilikuwa dogo mno hata sikulitilia maanani, nilikuwa nakumbuka zile siku kubwa tu. Kitu kichachu ndicho kibaya zaidi. Tangu juzi sasa halishuki lote, linabaki gumu na ngozi ina joto.

Dawa situmii. Mdomo nahisi una chumvi chumvi asubuhi, hasa nikiligandamiza shavu.

Tochi: upande wa kulia nikikamua linatoka tone safi kama maji. Upande wa kushoto kinundu kimekuwa chekundu, kwanza hakikutoka kitu, kisha likatoka tone zito la rangi ya maziwa. Uso unasogea sawa pande zote.

Kuhusu swali la mwisho. Uvimbe ukishuka nabaki na kitu kama punje ya harage chini ya ndewe, kinateleza chini ya kidole. Hakiumi. Nimekuwa nacho muda mrefu, labda mwaka. Nilidhani ni mabaki ya uvimbe huu huu.

Tabibu wa Koo

Umefanya kazi nzuri kuliko wengi ninaowaona ana kwa ana. Sasa nafikiri kwa sauti.

Kuvimba ndani ya robo saa ukianza kula na kulegea baada ya saa moja au mbili si tabia ya kirusi, wala ya bakteria, wala ya uvimbe unaokua. Hiyo ni tabia ya mfereji ulioziba. Ukianza kula, hata ukiwaza kitu kichachu, tezi inamwaga mate kwa wingi. Yakikuta njia imebanwa yanarundikana nyuma, tezi inatanuka ndani ya gamba lake lisilonyumbulika, nawe unasikia ule mkazo. Ukimaliza kula, mate yanapungua, yanapenya polepole pembeni ya kizuizi, uvimbe unashuka. Kizuizi cha kawaida ni kijiwe cha chokaa. Wakati mwingine ni mfereji wenyewe uliosinyaa, au ute mzito ulioganda.

Mhudumu aliyekuambia kwamba eksirei haina kijiwe hakukosea kusoma picha. Vijiwe vingi vya mate, kama vinane kati ya kumi, hutokea kwenye tezi iliyo chini ya taya, kwa sababu mate yake ni mazito na mfereji wake unapanda juu. Hivyo vingi vinaonekana kwenye eksirei. Vya tezi ya mbele ya sikio ni vichache, tena sehemu kubwa yake chokaa si nyingi, eksirei inavipita. Kwa hiyo picha safi hapa haithibitishi chochote. Unahitaji ultrasaundi, na umwambie anayepima kwamba unatafuta kijiwe kwenye mfereji, ili akupe kitu kichachu ulambe kabla hajaanza. Mfereji uliojaa mate unaonekana kirahisi.

Hilo tone la maziwa na joto la ngozi ni habari nyingine. Mate yaliyosimama ni kama maji ya dimbwi, bakteria wa mdomoni hupanda kupitia mfereji na kuzaliana. Kwa hiyo jana na leo una mambo mawili, mfereji ulioziba na maambukizi yaliyopanda juu yake. Ndiyo maana zile antibiotiki za mwanzo zilionekana kukuponya: zilituliza maambukizi, kijiwe kikabaki pale pale. Usisubiri. Nenda leo au kesho asubuhi ukaonwe, tone hilo lichukuliwe kupimwa, upewe antibiotiki zinazofaa. Kunywa maji mengi, weka kitambaa cha uvuguvugu, kamua kuelekea mdomoni mara kadhaa kwa siku. Na ikiwa baada ya saa 48 za dawa joto halishuki, ngozi inazidi kuwa nyekundu, au mdomo unashindwa kufunguka, rudi bila kungoja miadi, maana usaha unaweza kuwa umejikusanya kuwa jipu linalohitaji kutolewa.

Na sasa ile punje. Ningeomba usiihesabu kuwa mabaki. Kijiwe kikisababisha uvimbe, tezi yote inajaa na kunywea. Haiachi kidonge cha mviringo kinachoteleza kwa mwaka mzima. Waonyeshe hicho kidonge siku shavu likiwa limetulia, kwa sababu siku limevimba hakuna kidole kitakachokipata, na ripoti itaandika "tezi imevimba" basi.

Mama Pacha, huyo aliyevimba anaambukiza tangu kama siku mbili kabla ya kuvimba mpaka siku tano baada ya kuvimba, kwa hiyo abaki nyumbani siku hizo. Huyu mzima huenda ameshaambukizwa tayari. Dalili hutokea kwa kawaida siku ya 16 hadi ya 18, ingawa inaweza kuwa mapema siku ya 12 au kuchelewa mpaka ya 25. Wajulishe walimu, na uliza kuhusu chanjo yake. Mpe aliyevimba vinywaji na vyakula laini, dawa ya kawaida ya kushusha homa, ila usimpe aspirini. Akianza kutapika sana na shingo kukakamaa, au akaacha kusikia sikio moja, mpeleke hospitali.

Nesi wa Zamu

Naunga mkono la bakteria, ila niongeze sura yake nyingine kwa sababu huyu ndugu ni mwenye nguvu zake. Huku wodini tunaowaona ni wazee. Mama mmoja wa miaka sabini na kitu alifanyiwa upasuaji wa tumbo, akakaa siku kadhaa bila kula wala kunywa kwa mdomo, yupo kwenye dripu. Siku ya nne shavu likafura upande mmoja, jekundu, gumu kama ubao, homa kali, hawezi kufungua mdomo. Ndugu zake wakasema ameambukizwa matumbwitumbwi na mjukuu. Nilipobonyeza, usaha ukamiminika ndani ya shavu.

Mate ndiyo yanayosafisha mfereji. Yakikauka, njia iko wazi kwa bakteria, na mara nyingi ni wale wanaosababisha majipu. Tangu siku ile sipitishi zamu bila kutazama midomo ya wagonjwa wasiokula. Na dawa nyingi za wazee zinakausha mate: za kuongeza mkojo, za mzio, baadhi ya za usingizi na za msongo. Mzee mwenye shavu jekundu na homa asiachwe nyumbani alambe kitu kichachu. Huyo anaweza kuharibikiwa haraka.

Kisiki

Nimekubali la jino. Lakini hiyo punje mnamtisha bure. Haiumi, inateleza, ana mwaka nayo. Saratani inauma. Hiyo ni mtoki tu, tezi ya kawaida ya mwili.

Shahidi wa Kisu

Kisiki, naomba unisikilize, maana maneno hayo niliyasema mimi mwenyewe kwa miaka mitatu.

Nilikuwa na kidonge chini ya sikio la kulia. Hakiumi, kinateleza, kinakua polepole mno kiasi kwamba hata mke wangu hakukiona mpaka nilipopunguza nywele. Watu wawili waliniambia ni mtoki. Wa tatu, kwenye kituo kidogo, alisema ni uvimbe wa mafuta, akanidunga ganzi akakitoa kwa dakika ishirini. Hakikupelekwa maabara. Nilifurahi, kovu dogo.

Miaka minne baadaye vikaja vitano. Vidogo vidogo kama shanga, vimetawanyika chini ya lile kovu. Daktari bingwa akanieleza kwamba ule ulikuwa uvimbe usio saratani unaoota kwenye tezi ya mate, ndio wa kawaida zaidi hapo. Gamba lake ni jembamba na lina vijipukizi, ukiuchomoa kama punje kwenye ganda unaacha mbegu. Ulitakiwa kutolewa pamoja na tabaka la tezi isiyo na ugonjwa iliyouzunguka, tangu mara ya kwanza. Upasuaji wa pili ulichukua saa nyingi kwa sababu neva inayoendesha uso mzima inapita katikati ya tezi ile, na kovu la zamani lilikuwa limeigandamana. Namshukuru Mungu uso wangu unasogea, ila jicho la kulia lilichukua miezi mitano kufunga vizuri. Ndewe haina hisia mpaka leo. Na nikila natoka jasho shavuni, upande ule tu. Niliambiwa kwamba nyuzi za fahamu za mate ziliota upya zikaishia kwenye vifuko vya jasho.

Siandiki kumtisha mwenye uzi. Naandika ili asikubali mtu yeyote akitoe kidonge hicho kabla hakijajulikana ni nini.

Tabibu wa Koo

Shahidi, pole sana, na ahsante. Hilo la kuchomoa bila kujua bado linafanyika na linaniuma.

Kisiki, kanuni yako iko kinyume. Kwenye tezi hii, kinachouma na kuja haraka mara nyingi ni maambukizi au mfereji ulioziba. Uvimbe unaoota huja kimya. Habari njema ni kwamba vivimbe vinavyoota hapa, takriban vinane kati ya kumi, si saratani. Lakini huwezi kutofautisha kwa kidole, na hata ule usio saratani ukiachwa miaka mingi unaweza kugeuka. Kinachonishtua zaidi ya kukosekana kwa maumivu ni uso kulegea upande mmoja, kidonge kilichoshikana na ngozi au na mfupa, kukua ghafla baada ya utulivu wa muda mrefu, au vidonge vingine kujitokeza shingoni. Uso kulegea pamoja na uvimbe kwenye tezi, hata uwe mdogo kiasi gani, mimi huuchukua kuwa saratani mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na maumivu ya kudumu ndani ya kidonge chenyewe nayo siyapuuzi.

Ila nusu yako nyingine si ya kutupa. Mitoki ipo ndani ya tezi hii, si juu yake tu, na inaweza kuvimba kwa maambukizi kama haya ya mwenye uzi, au kwa kidonda cha kichwani, au hata saratani ya ngozi ya kichwa na sikio ikihamia. Kwa hiyo "mtoki" nalo ni jibu linalohitaji kuulizwa: umevimba kwa sababu gani?

Msomaji Kimya

Samahani kuingilia. Mimi nina pande zote mbili, miezi minane sasa, laini, haziumi, haziongezeki nikila. Watu wanasema nimenenepa. Hili liko wapi kati ya hayo?

Tabibu wa Koo

Halipo kati ya hayo, na si la kupuuza. Pande mbili, taratibu, bila maumivu, kwanza nenda upime VVU kama hujapima karibuni. VVU vinaweza kujaza tezi hizi vifuko vya maji, na dawa za VVU zenyewe mara nyingi huzipunguza. Majibu yakiwa hasi, bado kuna sukari, pombe ya muda mrefu, na ugonjwa wa kinga unaokausha macho na mdomo. Macho yako yana mchanga mchanga asubuhi? Unahitaji maji ili umeze chakula kikavu? Nijibu hapa au nitumie ujumbe wa faragha.

Mtafuta Nafuu

Narudi na majibu, ni siku ya sita tangu nianzishe uzi.

Nilianza antibiotiki siku ile ile. Siku ya pili joto la ngozi lilishuka, tone likaanza kuwa jepesi. Jana nimefanyiwa ultrasaundi na nilimwomba anipe kitu kichachu kwanza. Alishangaa lakini alikubali.

Ripoti inasema mfereji wa kushoto umepanuka, milimita 4. Kuna kijiwe cha milimita 5 kwenye mfereji, pale unapopinda kuvuka msuli wa kutafunia. Tezi ina dalili za maambukizi. Kisha sentensi ya mwisho: kwenye mkia wa tezi, chini ya ndewe, kuna kinundu cha mviringo cha milimita 13, kingo safi, cheusi kwenye picha, hakihusiani na mfereji.

Aliyenipokea kliniki alisoma kuhusu kijiwe, akafurahi, akasema tukishakitoa yote yataisha. Nilimuuliza kuhusu sentensi ya mwisho. Akaisoma tena, akanyamaza, akaniandikia rufaa. Nisingejua kuuliza kama si huu uzi.

Sasa maswali mawili. Kijiwe kinatolewaje? Na kinundu kidungwe sindano ya kupima sasa hivi au nisubiri?

Tabibu wa Koo

Kijiwe cha milimita 5 kwenye mfereji huo hakitatoka kwa kukamua peke yake, ingawa vidogo vya milimita 2 au 3 hutoka. Penye vifaa wanapitisha kamera nyembamba sana kutoka kile kinundu cha ndani ya shavu, wanakinasa kwa kikapu kidogo cha waya, au wanakivunja kwanza. Mahali kilipo chako, penye kona ya msuli, kikapu wakati mwingine hukwama, kwa hiyo waulize watafanya nini kikikwama. Pasipo kamera, kuna upasuaji mdogo wa kufungua mfereji wakikifuata kwa ultrasaundi. Kutoa tezi nzima kwa ajili ya kijiwe kimoja ni hatua ya mwisho, kwa sababu ya neva ile ile aliyoitaja Shahidi. Lakini yote hayo baada ya maambukizi kupoa.

Kuhusu kinundu, mimi ningesubiri wiki nne mpaka sita, nirudie ultrasaundi. Kikiwa ni mtoki uliovimba kwa maambukizi, kitapungua. Kikibaki vile vile, sindano nyembamba ya kunyonya seli, ikiongozwa na ultrasaundi. Ukidunga tezi yenye maambukizi, seli za uchochezi zinajaa kwenye kioo cha maabara na anayekisoma anashindwa kusema chochote cha uhakika.

Nesi wa Zamu

Kwa heshima zote daktari, hapo ninatofautiana nawe. Amesema ana mwaka na kidonge hicho, na maambukizi haya ni ya wiki moja. Mtoki wa maambukizi haungemtangulia mwaka mzima. Na wiki sita kwenye karatasi ni miezi sita kwa mgonjwa halisi. Nimeona wengi wanaopona maumivu wasirudi tena. Kwa kuwa shavu limeshaanza kupoa, wadunge sindano mapema, ikishindikana warudie.

Tabibu wa Koo

Hoja ya mwaka ni nzito, sikuipa uzito wake. Ila mfereji umekuwa ukiziba kwa miezi mitano inayojulikana, pengine zaidi, na uchochezi wa kimya unaweza kuwa ulianza kabla ya siku aliyoona shavu limejaa. Hilo la wagonjwa kutorudi sina jibu lake. Tukutane katikati: mara antibiotiki zinapoisha na tone likiwa safi, sindano, bila kungoja wiki sita. Na tarehe iandikwe kabla hajatoka mlangoni.

Mtafuta Nafuu, je, unavuta sigara? Kuna uvimbe mwingine usio saratani wa mkia wa tezi hii unaowapata zaidi wavutaji, na unaweza kujitokeza pande zote mbili. Waambie wapime na upande wa kulia.

Mtafuta Nafuu

Nilivuta miaka kumi na mbili, niliacha miaka mitatu iliyopita. Nitawaambia.

Mama Pacha

Narudi na mimi. Leo ni siku ya 17 tangu wa kwanza avimbe, na huyu wa pili ameamka shavu la kushoto limejaa, moja tu. Nilikuwa nimejiandaa, nimeshawajulisha walimu. Wa kwanza alipona baada ya kama siku nane. Baba yao naye alivimba juzi, sasa analalamika korodani moja inauma. Anaogopa mno.

Tabibu wa Koo

Aonwe na daktari, hasa kuhakikisha korodani haijajisokota, maana hilo ni la dharura na halisubiri hata saa chache. Ikiwa ni matumbwitumbwi, kwa kawaida maumivu hayo hufuata uvimbe wa shavu kwa siku nne hadi nane, kwake yamekuja mapema, lakini inawezekana. Alale, korodani zitegemezwe kwa kitambaa, dawa za maumivu. Mara nyingi huwa upande mmoja, na inaweza kusinyaa kidogo baadaye, lakini kupoteza uzazi kabisa ni nadra. Mwambie hilo kwa maneno hayo hayo. Mke wa mwenye uzi naye kama anasoma hapa, jibu lake ni hilo hilo, na kwa mume wake halihusu.

Mtoto wa pili akivimba tena upande ule ule baada ya miezi, usikubali kuambiwa matumbwitumbwi mara ya pili. Watoto wana ugonjwa wao wa tezi hii kuvimba na kurudi, ambao mara nyingi huisha wenyewe wakikaribia kubalehe, nao unaonekana kwenye ultrasaundi.

Kisiki

Mtafuta Nafuu, vipi hali? Nilikuambia ukang'oe gego, nimekuwa nikifuatilia nikiombea usiwe ulinisikiliza.

Mtafuta Nafuu

Sikung'oa, ndugu yangu, usijali.

Siku ya 24. Antibiotiki ziliisha, nikikamua sasa linatoka tone safi, ingawa nikila bado kunakaza kidogo. Kamera ya kijiwe nimepangiwa wiki tatu zijazo, na nimeuliza kikapu kikikwama itakuwaje. Walinijibu vizuri, watafungua mfereji kutoka ndani ya mdomo.

Ultrasaundi ilirudiwa. Upande wa kulia ni safi. Kinundu cha kushoto bado ni milimita 13, hakijapungua hata kidogo. Walinidunga sindano Jumanne, mara mbili mahali tofauti, nilihisi kama kudungwa sindano ya damu tu. Aliyesoma kwanza alisema seli zimetosha kusomwa, lakini wamepeleka kwa mwingine aangalie pia. Majibu ni Jumatatu ijayo.

Leo asubuhi nilikaa tena mbele ya kioo na tochi, shavu likiwa limetulia kabisa, nikakigusa. Bado kinateleza.